Kuchaji simu kwa paneli ya wati 20 na betri ya gari umeme unapokatika

Umeme ukikatika jioni, taa ina mbadala wake. Simu haina. Ikizima hutumi pesa, hupokei, na hata yuniti za umeme wa Yaka huwezi kuzinunua. Ndiyo maana watu wengi hapa Uganda hununua paneli ndogo ya sola, huchomeka simu moja kwa moja, na baada ya wiki mbili huiweka stoo wakisema imewadanganya. Mara nyingi paneli haina kosa. Kilichokosekana ni mahali pa kuhifadhi moto wa mchana ili utumike usiku, na mahali hapo mara nyingi papo tayari nyumbani: betri ya gari.

Hapa nitafuata mpangilio mmoja tu, mwanzo hadi mwisho: paneli ya wati 20, kontrola ndogo ya kusimamia chaji ya betri, betri ya gari ya volti 12, na chaja ya USB ya gari. Mfano wetu uwe wakala wa pesa za simu mjini Busia, mwenye simu mbili kubwa na katochi kamoja, yaani kasimu kadogo ka vitufe, ambako laini yake ya uwakala haipaswi kuzima kamwe. Ukiwa na betri peke yake bila paneli, au paneli bila betri, hatua zako zimo humu humu.

Simu inakula kiasi gani

Geuza simu yako au angalia boksi lake. Nyingi za sasa zimeandikwa 5000 mAh, yaani ampea-saa 5, kwa volti karibu 3.85. Zidisha: 5 mara 3.85 ni wati-saa 19. Lakini waya, chaja na joto hula sehemu yake njiani, kwa hiyo hesabu wati-saa 25 kutoka kwenye chanzo hadi simu ijae kutoka sifuri. Katochi chenye betri ya 1000 mAh kinahitaji kama 5.

Wakala wetu anachaji simu zote tatu kila siku: 25, 25 na 5, jumla wati-saa 55. Gawanya kwa volti 12 za betri, unapata ampea-saa 4.6 kwa siku. Namba hiyo iandike pembeni, tutairudia.

Sasa betri. Ya gari dogo iliyoandikwa 12V 50Ah ina wati-saa 600 kwa karatasi, na mtu akigawanya kwa 25 ataona simu 24. Hapo ndipo betri nyingi zinapouawa. Betri ya gari imetengenezwa kuwasha injini: sahani zake za risasi ndani ni nyembamba na nyingi, zinatoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache, kisha alteneta inarudisha kilichotoka. Ukiikamua hadi chini na kuiacha hivyo kwa siku kadhaa, salfeti inaganda juu ya sahani, na sehemu iliyoganda hairudi tena kazini. Kwa hiyo kama betri bado inawasha gari, chukua robo yake tu, yaani kama ampea-saa 12, zinazotosha simu kubwa sita. Kama imeshastaafu kwenye gari, unaweza kwenda hadi nusu, ukijua kwamba kila ukifika huko unaipunguzia maisha.

Utajuaje umefika robo? Kwa mita. Mita ndogo ya fundi, ile yenye waya mwekundu na mweusi, ni chombo cha lazima katika kazi hii kuliko hata paneli. Weka kwenye volti za DC, alama 20. Acha betri ipumzike bila kuchajiwa wala kutumika saa chache, kisha gusa: nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Ikionyesha 12.6 au 12.7 imejaa. Kwenye 12.4 umetumia robo. Kwenye 12.2 umetumia nusu. Kwenye 12.0 imebaki robo, na 11.8 ni tupu kabisa. Ona jinsi nafasi ilivyo ndogo: kati ya betri iliyojaa na betri tupu hakuna hata volti moja nzima. Ndiyo sababu kukisia kwa mwanga wa taa hakusaidii.

Betri ya zamani: inafaa au haifai?

Betri iliyoshindwa kuwasha gari inaweza kuchaji simu miezi mingi, kwa sababu simu inaomba mkondo mdogo sana. Lakini ipime kwanza kabla ya kulipa. Mwambie muuzaji aijaze, iachwe usiku kucha bila kitu, asubuhi ipimwe. Ikionyesha 12.5 au zaidi, endelea. Ikionyesha karibu 10.5, chumba kimoja kati ya sita ndani yake kimekufa, kwa kuwa kila chumba kinatoa kama volti 2. Hiyo iache, hata ukipewa bure. Haitajaa, itachemka tu.

Iliyofaulu hapo ipe mtihani wa pili. Unganisha balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55 kwa saa moja, huku mita ikiwa imeshikwa kwenye nguzo za betri. Betri nzuri ya 50Ah itabaki juu ya volti 12 balbu ikiwa bado inawaka. Ikishuka chini ya 12 kabla ya saa kuisha, kilichobaki ndani ni kidogo, pengine ampea-saa 10 tu. Bado inaweza kumfaa mtu wa simu moja. Wakala wetu haitamtosha.

Kama ina vifuniko vya kufungua juu, fungua utazame. Maji lazima yafunike sahani. Yakiwa chini, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa yanayouzwa vituo vya mafuta, wala si asidi wala maji ya bomba, kwa maana bomba lina madini yatakayobaki kwenye sahani.

Kutoka kwenye betri hadi kwenye simu

Simu inataka volti 5. Betri inatoa 12. Usiunganishe waya wa simu kwenye nguzo za betri hata kwa sekunde moja "kujaribu". Kinachosimama katikati ni chaja ya USB ya gari, ile inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti. Chagua iliyoandikwa `Input: DC 12-24V` na `Output: 5V 2.4A` au zaidi. Zile nyepesi kama ganda tupu mara nyingi zinatoa nusu ya kilichoandikwa, na dalili yake ni simu kuchaji saa sita au saba bila kujaa.

Utahitaji pia tundu la kiberiti la kike lenye waya mbili, na vibanio viwili vya betri, chekundu na cheusi. Kwenye waya mwekundu, karibu kabisa na betri, weka fyuzi ya ampea 5. Nasisitiza karibu na betri, kwa sababu fyuzi hulinda waya ulio mbele yake tu. Waya ukiguswa na panya au mlango mahali kabla ya fyuzi, betri ya gari inaweza kumwaga mkondo wa kutosha kuuyeyusha na kuwasha godoro.

Tazama ndani ya tundu kabla ya kufunga waya. Ncha ndogo ya katikati, chini kabisa, ndiyo chanya. Ukuta wa pembeni ni hasi. Banisha chekundu kwenye chanya ya betri, kisha cheusi kwenye hasi, bila simu. Pima kwa mita ndani ya tundu, nyekundu kwenye ncha ya katikati na nyeusi kwenye ukuta: ikitokea alama ya kutoa mbele ya namba, waya umegeuza. Ukiona 12 na kitu bila alama hiyo, chomeka chaja, taa yake ndogo iwake, sasa chomeka simu.

Kuna watu huchukua inveta, hugeuza volti 12 kuwa 240, halafu huchomeka chaja ya ukutani inayorudisha 240 kuwa 5. Inafanya kazi, ila ni hasara. Inveta ndogo ya wati 300 inakula yenyewe wati kama 6 hata isipochaji chochote. Ikiachwa usiku kucha, saa nane, imekula karibu wati-saa 48, ambazo ni simu mbili kubwa. Tena kengele yake ya kuonya hulia betri ikifika kwenye 10.5, wakati uharibifu ulianza zamani.

Nina onyo jingine moja hapa na silirudii: usiwashe injini ya gari ndani ya gereji au chumba kilichofungwa ili kuchaji simu. Moshi wa gari una hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua watu wakiwa wamekaa.

Paneli: kununua bila kudanganywa

Namba iliyobandikwa nyuma ya paneli ndogo ndiyo ya mwisho kuamini. Angalia ukubwa kwanza. Jua kali la saa sita mchana linaleta kama wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli ya kawaida inageuza sehemu ya 15 hadi 20 kwa mia. Kwa hesabu hiyo paneli ya kweli ya wati 20 ina eneo la karibu karatasi mbili za A4 zilizolazwa pamoja. Paneli ya ukubwa wa daftari iliyoandikwa wati 50 haiwezi kuwa 50, haijalishi nani anauza.

Kisha ipime juani, saa sita mchana. Wauzaji wengi hupima volti tu: mita inaonyesha 21, mteja anafurahi. Lakini hata paneli ya wati 3 yenye vipande 36 inaonyesha 21. Volti hazisemi nguvu. Omba wapime ampea: waya mwekundu wa mita uhamishiwe kwenye tundu lililoandikwa `10A`, kitasa kwenye ampea za DC, kisha gusa waya mbili za paneli. Paneli ya wati 20 inapaswa kutoa karibu ampea 1, au kidogo zaidi. Ikitoa 0.4, umeshikilia wati 8. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu mahali pake pa volti papo hapo. Mtu akisahau na kwenda kupima betri ya gari mita ikiwa kwenye ampea, waya zitapasuka cheche mkononi.

Kuhusu mahali pa kuiweka, Uganda iko juu ya ikweta, kwa hiyo huna haja ya kuiinua sana. Mwinuko wa digrii 10 hadi 15 unatosha ili mvua na vumbi viteremke. Mwezi wa Juni jua liko upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini. Kwa mwinuko mdogo namna hii tofauti si kubwa. Kilicho kikubwa ni kivuli. Vipande 36 vya paneli vimefungwa kwa mstari mmoja, mkondo unapita vyote kimoja baada ya kingine, na kipande kimoja kikifunikwa kinabana vingine vyote. Jani moja la mwembe lililoangukia kwenye kona, au kanga iliyoanikwa kwenye kamba jirani, vinaweza kukunyang'anya zaidi ya nusu. Kaa uitazame siku moja, saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa, uone kivuli cha paa na mti kinapotembea. Kazi hiyo ya kutazama ina faida kuliko kuongeza wati.

Kufunga kontrola

Kontrola ndogo ya ampea 10 ina jozi tatu za matundu ya skurubu: picha ya paneli, picha ya betri, picha ya balbu. Mpangilio wa kufunga una sababu. Betri inafungwa kwanza, kwa sababu kontrola inasoma volti zake ili ijue inafanya kazi na mfumo wa 12 au 24. Ukiifunga paneli kwanza, kontrola inapokea volti 21 bila kujua iko wapi, na za bei ndogo huungua hapo hapo. Baada ya betri, skrini ikiwaka, funga paneli. Mwisho, kwenye alama ya balbu, funga tundu la kiberiti. Wakati wa kufungua fuata njia ya kurudi: mzigo, yaani tundu la kiberiti, kisha paneli, kisha betri. Weka fyuzi ya ampea 10 kwenye waya mwekundu kati ya betri na kontrola.

Nyingi zina matundu ya USB zenyewe. Yatumie kwa katochi. Kwa simu kubwa mara nyingi ni dhaifu.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hawaligusi. Kontrola hizi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuzima mzigo betri ikifika karibu 10.7. Tumeona kwamba 11.8 tayari ni tupu, kwa hiyo ulinzi huo haulindi betri ya gari. Bonyeza kitufe hadi ufike kwenye volti za kuzimia mzigo, upandishe hadi 12.2, au kiwango cha juu kabisa inachokubali. Betri itakuwa na kinga, na wewe hutalazimika kuamka usiku kupima.

Betri iwe mahali penye hewa, juu ya ubao, mbali na watoto na jiko. Wakati wa kuchajiwa inatoa haidrojeni, inayowaka kwa cheche. Vua pete na saa ya chuma unapokaza nguzo, na spana isiguse nguzo zote mbili.

Hesabu ya wakala wetu, siku kwa siku

Paneli ya wati 20 inatoa ampea 1.1 jua likiwa kali. Siku njema Busia tuihesabie saa nne na nusu za jua kamili, maana asubuhi na jioni ni nusu nusu. Hiyo ni ampea-saa 5. Betri ya risasi hairudishi yote unayoipa, kwa hiyo hesabu 4 zinazotumika. Wakala anatumia 4.6. Anapungukiwa 0.6 kila siku.

Je, ni tatizo? Ana akiba ya ampea-saa 12 kabla ya kufika 12.4. Kwa upungufu wa 0.6 anaweza kwenda siku 20 mfululizo bila umeme wa ukutani, na umeme hukatika saa chache au siku moja mbili, si siku 20. Anafaa. Lakini lete wiki ya mvua ya Aprili, mawingu kutwa: paneli inaleta nusu, ampea-saa 2. Upungufu sasa ni 2.6 kwa siku, na akiba inaisha baada ya siku nne na kitu. Siku ya tatu ya wingu ndiyo ya kuamua: mita ikikaribia 12.4, simu kubwa zizimwe, katochi chenye laini ya wakala pekee kichajiwe. Akitaka asijisumbue na hesabu hii, anunue paneli ya wati 30 badala ya betri kubwa zaidi. Betri kubwa isiyojazwa inaharibika tu kwa raha yake.

Betri ikishuka hadi 12.2, isilale hivyo. Ipelekwe ikachajiwe kwenye umeme au kwa mtu mwenye paneli kubwa ndani ya siku chache, kabla salfeti haijaganda.

Ukiwa na paneli bila betri ya gari

Weka pawabenki katikati, usiweke simu. Wingu likipita, volti za paneli zinaanguka, chaja inazima, inawaka tena, inazima. Kila mara simu inawasha skrini kukuambia inachaji, na kwenye siku ya mawingu mepesi skrini hiyo inaweza kula karibu chote kilichoingia. Kuna simu pia zinazopima chanzo mara moja tu zinapochomekwa: ukizichomeka wakati wa wingu, zinajipangia mkondo mdogo na kubaki nao hata jua likirudi. Ukiona hivyo, chomoa na uchomeke upya.

Pawabenki ya 10000 mAh ina wati-saa 37 ndani, na baada ya hasara inatoa kama 24 au 25: simu moja kubwa, si mbili kama mAh zinavyoonyesha. Paneli ya wati 20 yenye chaja ya gari ya 12-24V inaweza kuijaza kwa siku moja ya jua, kwa kuwa volti 21 za paneli ziko ndani ya kiwango cha chaja. Chaja iliyoandikwa 12V peke yake usiitumie hapo. Pawabenki ikae kivulini, nyuma ya paneli au ndani ya nyumba kwa waya mrefu wa upande wa paneli na mfupi wa upande wa USB. Betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa juu ya digrii 45, na juu ya bati la Uganda mchana kiwango hicho kinapitwa upesi.

Na betri ya boda

Betri ya pikipiki nyingi ni ya ampea-saa 5 hadi 9. Simu moja kubwa inachukua 2. Kwa hiyo mwenye boda akichaji injini ikiwa imezimwa, simu moja imeshamaliza karibu robo au zaidi, na pikipiki ya kuwasha kwa kitufe itagoma asubuhi. Chaji ukiwa barabarani, injini ikiunguruma, na chomoa unapoegesha stejini.